Historia ya Kivinjari Haikumbuki Unachokikumbuka Wewe

Mwishoni mwa Novemba nilikuwa nikifasiri kijitabu cha wakulima wa nyanya wa Mgeta, mkoani Morogoro, na sura iliyonisumbua ilihusu kantangaze, yule nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeripotiwa Tanzania mwaka 2014 na ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Katika kutafuta istilahi niliangukia mwongozo wa kurasa chache, wa PDF, wenye jedwali lililotenganisha vizuri idadi ya mitego inayowekwa shambani ili kuchunguza kama nondo wamefika, na idadi inayohitajika ukitaka kuwakamata kwa wingi. Nilisoma, nikaridhika, nikafunga kichupo. Tarehe 12 Februari mhariri alinirudishia rasimu akiuliza takwimu za mitego nilizitoa wapi, na mimi sikuwa na anwani ya ule mwongozo, sikulijua jina lake, wala sikukumbuka ni taasisi gani iliyouandika.

Nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya, yaani nilifungua Google na kuanza upya. Nilitumia zaidi ya saa moja nikisoma kurasa za wauza viuatilifu na video za mashamba ya nchi nyingine, nikibadilisha maneno kila mara, na mwongozo haukutokea. Baadaye nilielewa kwamba kosa langu lilikuwa kulichukulia swali hili kama swali la kutafuta, wakati kwa kweli lilikuwa swali la kurudia njia. Kitu nilikuwa nimekwisha kukipata, na kompyuta yangu ilikuwa na kumbukumbu ya safari ile.

Si mimi peke yangu ninayerudia njia. Mwaka 1997 Linda Tauscher na Saul Greenberg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walipima matumizi ya vivinjari vya watu 23 kwa muda wa wiki sita, wakakuta kwamba asilimia 58 ya kurasa zilizofunguliwa zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na mtu yuleyule hapo kabla. Mwaka 2007 Jaime Teevan na wenzake walichunguza kumbukumbu za utafutaji za Yahoo, wakaona kwamba ukurasa unapobadilika nafasi katika orodha ya matokeo, mtu anayeutafuta tena huchelewa kuubofya au hauoni kabisa. Hicho ndicho kilichonipata. Maneno yalikuwa karibu yaleyale ya Novemba, lakini orodha haikuwa ileile, na jicho langu lilikuwa likiutafuta ukurasa mahali ulipokuwa zamani.

Basi nikafungua historia ya kivinjari. Katika Chrome ya kompyuta hufunguka kwa kubonyeza `Ctrl+H`, au kwa kuandika `chrome://history` kwenye upau wa anwani. Niliandika "mitego". Hakuna kitu. Nikaandika "feromoni", kwa kuwa mwongozo ulizungumzia harufu ya jike inayowavuta madume, na bado hakuna kitu. Nilikaribia kuamini kwamba ukurasa ule niliuota.

Hapa ndipo penye jambo ambalo laiti ningelijua miaka mingi iliyopita. Kisanduku cha kutafutia ndani ya historia kwa kawaida hakisomi yaliyoandikwa ndani ya kurasa ulizozitembelea. Kwa kila ukurasa kivinjari huhifadhi anwani yake, jina lake la juu na wakati ulipoufungua, na utafutaji wake hupita katika anwani na jina peke yake. Sisi wasomaji hukumbuka yaliyomo: jedwali, picha, sentensi iliyotugusa, rangi ya kichwa cha ukurasa. Kivinjari kinakumbuka bahasha, sisi tunakumbuka barua. Ndiyo maana mtu huandika katika historia neno ambalo ana hakika alilisoma, akaambiwa halipo, akakata tamaa ilhali ukurasa umelala palepale chini ya jina lingine.

Kwa faili za PDF pengo hilo huwa pana zaidi, kwa sababu jina linaloonekana mara nyingi ni lile lililobaki ndani ya faili tangu ilipotengenezwa, na watayarishaji wengi hawalibadilishi. Niliupata mwongozo wangu baadaye, na katika historia ulikuwa umeandikwa "Microsoft Word - final2.doc". Hakuna mkulima, mfasiri wala mtaalamu wa wadudu ambaye angefikiria kuandika maneno hayo.

Kiswahili nacho kina tatizo lake. Kivinjari hulinganisha herufi. Hakijui kwamba mtego na mitego ni kitu kimoja. Katika Kiingereza umoja na wingi kwa kawaida hutofautiana mwishoni mwa neno, hivyo mtu akiandika herufi za mwanzo hupata yote mawili. Kwetu mabadiliko huja mwanzoni, mahali hasa ambapo kivinjari huanzia kulinganisha: mdudu na wadudu, ugonjwa na magonjwa, jani na majani. Ukitafuta ukurasa kwa neno la Kiswahili ndani ya historia, jaribu umoja na wingi kabla ya kusema haupo, kisha jaribu jina la Kiingereza au la kisayansi, kwa sababu anwani za kurasa nyingi, hata za Kiswahili, huandikwa kwa majina hayo.

Kilichoniokoa siku ile ni kukumbuka kwamba ukurasa wa matokeo ya Google nao ni ukurasa, nao huingia katika historia, na jina lake huanza na maneno yaleyale uliyoyaandika. Kwa hiyo hata kama huwezi kukisia jina la ukurasa unaoutafuta, unaweza kuyakisia maneno yako mwenyewe. Niliandika "kantangaze" katika kisanduku cha historia, na safari hii niliona mistari sita, yote ikiwa maswali niliyomwuliza Google tarehe 24 Novemba: kantangaze peke yake, kantangaze kwenye nyanya, kantangaze mtego hekta, na mengine ya jinsi hiyo. Lile lenye neno hekta lilikuwa na saa 16:12 pembeni, yaani saa kumi na dakika kumi na mbili jioni.

Nilifuta neno nililotafutia ili historia yote irudi, nikateremka hadi tarehe 24 Novemba, saa 16:12. Hili la kufuta neno ni muhimu, kwa sababu ukiendelea kutazama orodha iliyochujwa utaona maswali tu, hutaona kurasa zilizofuata baada ya swali. Historia huweka la karibuni juu, basi ukurasa ulioubofya baada ya kuuliza huwa juu ya swali. Juu ya swali langu palikuwa na kurasa tatu: duka la pembejeo, mjadala wa wakulima, na ile "final2.doc" ambayo anwani yake iliishia na `.pdf`. Katika Firefox kazi hii ni rahisi zaidi, kwa kuwa Maktaba yake, inayofunguka kwa `Ctrl+Shift+H`, huipanga historia katika mafungu ya leo, jana, siku saba zilizopita na miezi ya nyuma. Na ukitaka upau wa anwani wa Firefox ukuonyeshe yaliyomo katika historia tu, unaanza kwa alama `^` na nafasi, kisha neno lako. Ukianza kwa `*` unapata alamisho tu.

Nilikuwa na bahati ya siku kumi. Chrome huhifadhi historia ndani ya kompyuta kwa siku 90, halafu huifuta bila kukuuliza, na kati ya tarehe 24 Novemba na 12 Februari zilikuwa zimepita siku 80. Mhariri angechelewa wiki mbili tu, ule uzi usingekuwapo. Firefox haina ukomo wa siku. Huanza kuondoa kurasa za zamani pale zinapozidi idadi fulani inayotegemea uwezo wa kompyuta, hivyo mara nyingi hufika mbali zaidi. Kwa aliyekwisha kupitwa na siku 90 za Chrome, mahali pengine pa kutazama ni `myactivity.google.com`, ikiwa alikuwa ameingia katika akaunti yake ya Google na hakuzima kumbukumbu za shughuli zake. Huko maswali aliyoyaandika na matokeo aliyoyabofya hupangwa kwa tarehe, na hubaki kwa muda aliouchagua mwenyewe katika mipangilio.

Nilipoibofya ile PDF, nilipokewa na ukurasa wa kosa la 404. Tovuti ilikuwa imejengwa upya kati ya Novemba na Februari, na anwani zake za zamani zilikuwa zimekufa. Watu wengi huishia hapa, nami sitawalaumu, lakini anwani iliyokufa bado ina faida kubwa: ni ufunguo wa kumbukumbu za Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayohifadhi nakala za kurasa za zamani, zinazofikiwa kwa kuweka anwani hiyo mwishoni mwa maneno haya:

```
https://web.archive.org/web/*/
```

Unaandika hivyo, kisha bila kuacha nafasi unabandika anwani nzima ya ukurasa uliokufa. Ikiwa ukurasa uliwahi kuhifadhiwa, utaona tarehe za nakala zake. Wangu ulikuwa na nakala mbili. Sikutaka kumpa mhariri nakala ya kumbukumbu kama chanzo pekee, kwa hiyo nilichukua sentensi moja ndefu kutoka chini ya jedwali, nikaiweka ndani ya alama za kunukuu, nikaongeza `site:` na kikoa cha ile tovuti. Google ilileta tokeo moja tu: mwongozo uleule, katika folda mpya, na jina lingine la faili. Tangu nilipoanza na historia hadi hapo zilikuwa zimepita kama dakika ishirini.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyohifadhi alamisho, na badiliko kubwa ni moja: sikubali jina ambalo kivinjari kinanipendekezea. Nikibonyeza `Ctrl+D`, kidirisha hufunguka kikiwa na jina la ukurasa, na watu wengi hubonyeza kukubali papo hapo. Matokeo yake ni kwamba alamisho inakuwa na upofu uleule wa historia, kwa sababu nayo hutafutwa kwa jina na anwani. Zile sekunde kumi za kuandika jina upya ndizo zinazoingiza barua ndani ya bahasha. Alamisho ya mwongozo ule sasa inaitwa hivi: "kantangaze mtego mitego feromoni idadi kwa hekta jedwali". Si jina zuri, na halikukusudiwa kuwa zuri. Lina maneno nitakayoyafikiria siku nitakapouhitaji, kwa umoja na kwa wingi, na nikiandika mawili kati yake kwenye upau wa anwani, ukurasa hujitokeza kabla sijamaliza.

Katika kuchagua maneno najiuliza swali moja: nikiwa nimesahau kila kitu, nitakuwa nikitafuta nini? Sitakuwa nikitafuta "mwongozo wa udhibiti husishi wa visumbufu", hata kama hilo ndilo jina rasmi. Nitakuwa nikitafuta mitego mingapi kwa hekta. Kwa sababu hiyo nimeacha pia kujisumbua na folda nyingi. Nilikuwa na folda ya kilimo, ndani yake ya mazao, ndani yake ya wadudu, na kila mara nilijikuta nikikisia siku ile niliona ukurasa huu kuwa wa wadudu au wa istilahi. Sasa nina folda moja kwa kila kazi inayoendelea, na nikimaliza kazi folda yote nzima huingia katika folda ya zamani. Anayetumia Firefox anaweza kuongeza lebo kwa kila alamisho, na ukurasa mmoja ukawa na lebo ya wadudu na ya istilahi kwa pamoja, jambo ambalo folda haliwezi.

Kwa PDF ndefu naongeza kitu kidogo mwishoni mwa anwani kabla ya kuhifadhi, yaani `#page=3` ikiwa jedwali liko ukurasa wa tatu. Chrome na Firefox zote hufungua faili moja kwa moja kwenye ukurasa huo. Ukurasa unaohesabiwa ni wa faili tangu mwanzo, si namba iliyochapishwa chini ya karatasi, kwa hiyo kitabu chenye utangulizi wa namba za Kirumi kitakupeleka nyuma kidogo ya ulipotaka usipohesabu vizuri.

Si kila anwani inayostahili kuhifadhiwa. Kuna kurasa ambazo anwani yake ni ya muda: tovuti imekupa namba ya kikao baada ya kuingia na neno la siri, au umejaza fomu na matokeo yametokea lakini anwani ya juu haikubadilika hata herufi moja. Ukiialamisha hiyo, kesho utafungua ukurasa wa mwanzo au ukurasa wa kuingilia, na utadhani alamisho zimeharibika. Kuna jaribio linaloonyesha ukweli papo hapo. Nakili anwani, fungua dirisha la hali fiche, katika Chrome kwa `Ctrl+Shift+N`, ibandike. Ukiona kilekile unachokiona kwenye dirisha la kawaida, anwani ni nzuri. Ukipelekwa kwingine, hifadhi badala yake ukurasa wa fomu, na katika jina la alamisho andika ulichojaza na ulichochagua, kwa mpangilio uliouchagua.

Utafutaji uliohifadhiwa naufikiria tofauti na alamisho, ingawa kwa macho vinafanana. Alamisho huhifadhi jibu. Huu huhifadhi swali. Nauona unafaa pale ambapo ninachokihitaji huhamahama au huongezeka, kama ilivyo kwa nyaraka za serikali, ambazo leo ziko katika tovuti ya wizara na mwakani huwa katika tovuti ya mamlaka mpya. Njia nyepesi kabisa ni kuialamisha kurasa ya matokeo yenyewe, kwa kuwa swali lote limo ndani ya anwani, baada ya `q=`:

```
https://www.google.com/search?q=kantangaze+filetype:pdf+site:go.tz
```

Hii huuliza PDF zenye neno kantangaze katika tovuti zote zinazoishia na `go.tz`. Anwani ya Google ambayo kivinjari hukuonyesha huwa ndefu sana, yenye mikia mingi baada ya maneno ya swali lako. Mikia hiyo inaweza kukatwa bila madhara, nami huikata ili niweze kuisoma na kuirekebisha kwa macho. Uzuri wa kulibana swali kwa `site:` na `filetype:` ni kwamba matokeo yanakuwa machache, na yakiwa machache, kubadilika kwa mpangilio hakuwezi kukificha ulichokiona jana. Swali pana lililohifadhiwa halina faida hiyo, kwa sababu litakurudisha katika msitu uleule.

Kwa tovuti ninazozitafuta kila siku naenda hatua moja zaidi. Katika Chrome ya kompyuta, ndani ya mipangilio ya mtambo wa kutafuta inayofunguka kwa `chrome://settings/searchEngines`, kuna sehemu ya utafutaji wa tovuti ambapo unaweza kuongeza anwani yako na njia ya mkato. Nimeweka hii, na njia yake ya mkato ni `gt`:

```
https://www.google.com/search?q=site:go.tz+filetype:pdf+%s
```

Alama `%s` ndipo Chrome itakapoweka neno langu. Naandika gt kwenye upau wa anwani, nabonyeza kitufe cha Tab, naandika mbolea, na swali zima hujiandika lenyewe. Nikisahau `%s`, neno langu halina mahali pa kuwekwa, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutazama mtu anaponiambia njia yake ya mkato haifanyi kazi. Kwenye Chrome ya simu yangu ya Android sina njia ya mkato ya namna hii, hivyo huko nabaki na alamisho za kurasa za matokeo.

Simu ina mambo yake mengine ya kuangaliwa. Wakati mwingine PDF iliyofunguliwa kwa simu hupakuliwa, na ukiitafuta katika historia huioni kwa sababu imo katika orodha ya vipakuliwa. Kwenye kompyuta orodha hiyo iko `chrome://downloads`, nayo humwonyesha mtu faili ilikotoka, hata kama faili yenyewe ameifuta. Historia ya simu na ya kompyuta haziunganiki mpaka uwe umeingia kwa akaunti moja na kuruhusu usawazishaji wa historia katika vifaa vyote viwili. Kabla hujatafuta, kumbuka kwanza ulikuwa umeshika kifaa gani. Na kilichofunguliwa katika hali fiche hakimo popote katika historia.

Kurasa zinazonipotea hadi leo ni zile ninazozifungua ndani ya Facebook. Kiungo ukikibofya humo hufunguka katika kivinjari cha programu yenyewe, si katika Chrome, na Chrome haina habari nacho: hakiingii katika historia yake, na hakuna swali la Google lililotangulia ambalo ningeweza kulifuata. Kwa hiyo nikiona kiungo chenye dalili ya kufaa, sisomi kwanza. Nabonyeza vidoti vitatu vya pembeni, nachagua kukifungua katika kivinjari cha nje, nakialamisha kwa maneno yangu, ndipo naanza kusoma.